Siku 381 na karatasi moja kutoka Washington

Mwezi uliopita nilialikwa kuzungumza na vijana wa kanisa letu kuhusu mgomo wa mabasi wa Montgomery, katika jimbo la Alabama nchini Marekani, ambako Weusi walikaa siku 381 bila kupanda mabasi ya mji yaliyowatenga kwa rangi. Nilikuwa nimefika mwisho wa maelezo, mahali ambapo Mahakama ya Juu inatamka kwamba kuwatenga abiria kwa rangi ni kinyume cha katiba, binti mmoja wa kidato cha tano aliponyoosha mkono.

"Shikamoo mama. Kama mahakama ndiyo iliyoamua, kwa nini wale watu walitembea kwa miguu mwaka mzima?"

Nilimjibu kwamba kutembea kulisaidia. Alinishukuru kwa adabu, akakaa, na uso wake ulinionyesha wazi kwamba hakuridhika.

Nami sikuridhika.

Kwa wiki kadhaa swali lake halikunitoka kichwani, kwa sababu ni gumu kuliko linavyosikika. Kesi iliyouvunja ubaguzi ndani ya mabasi hayo, iitwayo Browder dhidi ya Gayle, ilifunguliwa na watu wachache na ikaamuliwa kwa vipengele vya katiba. Hakuna jaji aliyehesabu jozi za viatu zilizochakaa. Je, makanisa yaliyojaa usiku kwa usiku, na magazeti yaliyoandika habari zao, vilikuwa mapambo tu ya kazi iliyofanywa na wanasheria?

## Kikaratasi cha tarehe 13 Novemba

Nilianza kutafuta jibu katika siku moja, tarehe 13 Novemba 1956. Asubuhi hiyo Mchungaji Martin Luther King alikuwa ameketi mahakamani mjini Montgomery kama mshtakiwa. Manispaa ilikuwa imeomba zuio dhidi ya mpango wa magari ambao kwa miezi mingi ulikuwa ukiwapeleka Weusi kazini bila kupanda basi. King alijua watashindwa. Bila magari, watu wanaoishi mbali wangewezaje kuendelea katika msimu wa baridi wa pili?

Karibu na saa sita mchana kukawa na mapumziko na minong'ono. Mwandishi wa shirika la habari la Associated Press alimfikia King na kumpa kikaratasi. Kilieleza kwamba Mahakama ya Juu mjini Washington imethibitisha hukumu ya mahakama ya chini: sheria za Alabama na za mji wa Montgomery zinazotenganisha abiria ni batili.

Alasiri hiyo hiyo, hakimu wa Montgomery akatoa zuio. Magari yakapigwa marufuku.

Nimeisoma siku hiyo mara nyingi, na kila mara nasimama hapohapo. Chombo kilichobuniwa na makanisa kilivunjwa na mahakama moja saa chache tu baada ya mahakama nyingine kukifanya kisihitajike tena, na aliyeleta habari ya ushindi alikuwa mwandishi wa habari. Kanisa, mahakama na gazeti vilikuwa katika chumba kimoja. Lakini kukaa chumba kimoja si kufanya kazi moja, na nilitaka kujua kila kimoja kilikuwa kikifanya nini hasa.

## Kanisa: ukumbi, mfuko na gari

Ni rahisi kusema kwamba kanisa liliongoza. Ukweli una kona zaidi.

Rosa Parks, mwanamke Mweusi, alikamatwa Alhamisi, tarehe 1 Desemba 1955, kwa kukataa kumwachia Mzungu kiti ndani ya basi. Wa kwanza kuchukua hatua hawakuwa wachungaji. Usiku huo Jo Ann Robinson, mwalimu wa Kiingereza katika chuo cha Weusi na kiongozi wa Baraza la Kisiasa la Wanawake, aliingia chuoni na kurudufu makumi ya maelfu ya vipeperushi vilivyowataka watu wasipande basi Jumatatu. E. D. Nixon, mhudumu wa treni aliyekuwa amemdhamini Parks, aliamka alfajiri akaanza kuwapigia simu wachungaji mmoja mmoja. Baadhi yao walisita. Hata Jumatatu alasiri, mgomo ukiwa umekwisha kufaulu kwa siku yake ya kwanza, wamo waliotaka majina ya viongozi yafichwe wasije wakajulikana kwa wakubwa wa mji, na Nixon aliwakemea mbele ya wenzao. King, aliyekuwa na miaka 26 na mgeni katika mji huo, alichaguliwa mwenyekiti wa chama kilichoundwa kuendesha mgomo, kwa kiasi fulani kwa sababu hakuwa bado na maadui wala fadhila za kulipa.

Basi ikiwa wachungaji wengine walikuwa waoga kama binadamu yeyote, kwa nini kanisa lilikuwa nguzo?

Kwa sababu ya nani aliyelimiliki. Mwalimu Mweusi alilipwa mshahara na serikali ya Wazungu, mpishi alilipwa na bibi wa nyumba, na chuo cha Robinson kilitegemea fedha za jimbo, ndiyo maana kwa muda mrefu alificha kwamba vipeperushi vile vilitoka kwenye mashine ya chuo. Mchungaji wa Kibaptisti alilipwa na sadaka za watu wale wale waliokuwa wakigoma. Hakuna tajiri wa mjini aliyeweza kumfukuza kazi. Jengo pia lilikuwa lao, na lilikuwa kubwa: usiku wa tarehe 5 Desemba, kanisa la Holt Street lilifurika maelfu ya watu, wengine wakisikiliza kwa vipaza sauti nje barabarani, na hakuna aliyehitaji kibali cha ukumbi.

Kisha yakaja magari. Mwanzoni madereva wa teksi Weusi walitoza senti 10, sawa na nauli ya basi, hadi mji ulipowakumbusha sheria iliyoweka nauli ya chini ya teksi kuwa senti 45. Viongozi wakageukia uzoefu wa Baton Rouge, Louisiana, ambako Mchungaji T. J. Jemison aliongoza mgomo mfupi wa mabasi mwaka 1953 kwa kutumia magari ya watu binafsi. Montgomery walikusanya magari yapatayo 300, wakapanga vituo vya kuchukulia na kushushia watu, na baadaye wakanunua magari marefu ya abiria yaliyosajiliwa kwa majina ya makanisa na kuandikwa majina hayo ubavuni. Watu wakayaita makanisa yanayotembea.

Adui naye alijua pa kupiga. Kampuni za bima zilifuta bima za magari hayo moja baada ya nyingine, na gari lisilo na bima lingeweza kukamatwa wakati wowote. Wakala mmoja Mweusi wa bima kutoka Atlanta ndiye aliyewapatia kinga kupitia Lloyd's ya London. Inanigusa kwamba mgomo unaokumbukwa kwa hotuba na nyimbo ulikaribia kufa kwa sababu ya hati ya bima.

## Gazeti lililosaidia bila kukusudia

Kuhusu magazeti nilikuwa na dhana niliyoibeba tangu shuleni: kwamba waandishi wema walimulika uovu na dunia ikaona. Dhana hiyo haitoshi.

Vipeperushi vya Robinson havikuweza kufika kila nyumba. Nixon alizungumza na Joe Azbell, mwandishi wa gazeti la wenye mji, Montgomery Advertiser, na Jumapili ya tarehe 4 Desemba habari ya mgomo uliopangwa ikatoka ukurasa wa mbele. Iliandikwa kwa ajili ya wasomaji Wazungu, kama taarifa ya jambo la kutia wasiwasi. Lakini Weusi nao walisoma, na wasiosoma walisikia kutoka kwa waliokuwa wakifanya kazi majumbani, na asubuhi hiyo hiyo wachungaji walikuwa na la kutangaza mimbarini. Gazeti lisilowapenda liliwafanyia kazi ambayo mashine ya kurudufu isingeimaliza.

Wiki saba baadaye chombo hichohicho kilikaribia kuwaua.

Jumamosi, tarehe 21 Januari 1956, viongozi wa mji walikutana na wachungaji watatu Weusi ambao hawakuwa wajumbe wa chama cha mgomo, kisha wakawatangazia waandishi kwamba mapatano yamefikiwa na mgomo umekwisha. Habari ilitumwa kwa waya nchi nzima ili itoke magazetini Jumapili asubuhi. Lengo lilieleweka: Weusi wakisoma Jumapili kwamba mambo yameisha, Jumatatu watapanda basi, na umoja ukishavunjika siku moja haurudi.

Carl Rowan, mwandishi Mweusi wa gazeti la Minneapolis, kaskazini kabisa mwa nchi, aliiona habari hiyo ikipita kwenye waya Jumamosi usiku. Ilimtia shaka. Akampigia King simu kumuuliza kama ni kweli. King hakuwa na habari yoyote.

Yaliyofuata ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote katika historia hii. King na wenzake walitoka usiku huo huo wakazunguka kwenye vilabu vya pombe na kumbi za starehe, mahali ambapo watu wa Jumamosi usiku walikuwa, wakiwaambia kwamba gazeti la kesho litasema uongo. Wengine wakawapigia wachungaji, na Jumapili asubuhi tangazo likasomwa katika makanisa. Jumatatu mabasi yakapita matupu.

Hapo nilianza kuona tofauti ya vyombo viwili vya habari vilivyokuwa vikishindana. Gazeti lilikuwa na wino na uwezo wa kufika mbali, lakini halikuwa na njia ya kumjua msomaji wake. Mimbari ilifika maili chache tu, lakini kila aliyesikiliza alimjua anayesema na alimwona jirani yake akisikia neno lilelile. Kwa habari ya kwenda nje, kuchangisha fedha na kuwafanya watawala waone aibu, gazeti la mbali halikuwa na mbadala. Kwa habari ya ndani, ile ya kumwambia mpishi apande au asipande kesho, mimbari ilikuwa na nguvu kuliko ukurasa wa mbele.

Watawala walikasirika na kufanya kosa la pili. Februari 1956, baraza la mashtaka liliwashtaki watu wapatao 90, wakiwemo wachungaji, kwa kutumia sheria ya mwaka 1921 iliyokataza kugomea biashara. Badala ya kusubiri kukamatwa, washtakiwa walivaa nguo zao za kanisani wakajipeleka wenyewe kwa polisi, Nixon akiwa wa kwanza, mbele ya kamera. King alihukumiwa Machi kulipa faini ya dola 500 na gharama nyingine 500. Kesi iliyokusudiwa kuwatisha iliwaleta waandishi kutoka nchi za nje, na baada yake michango ikamiminika.

## Mahakama mbili katika mji mmoja

Nimetaja mahakama iliyomtoza King faini na mahakama iliyompa ushindi kana kwamba ni kitu kimoja. Hazikuwa kitu kimoja, na hapa ndipo swali la yule binti linapoanza kufunguka.

Kesi ya Rosa Parks ilikuwa ya jinai katika mahakama za mji na jimbo. Alitozwa dola 10 na gharama za dola 4, akakata rufaa. Wakili wake kijana, Fred Gray, aliona hatari: majaji wa Alabama wangeweza kuiweka rufaa hiyo kabatini kwa miaka, au kuimaliza kwa kasoro ndogo ya utaratibu bila kugusa katiba. Kwa hiyo tarehe 1 Februari 1956 alifungua kesi tofauti, ya madai, katika mahakama ya shirikisho, ambayo majaji wake hawakuchaguliwa na wapiga kura wa Alabama. Parks hakuwekwa kati ya wadai, ili kesi yake ya jinai isije ikazua hoja ya kuichelewesha.

Wadai walikuwa wanawake waliowahi kudhalilishwa katika mabasi: Aurelia Browder, Susie McDonald, Claudette Colvin na Mary Louise Smith. Colvin alikuwa na miaka 15 alipokamatwa Machi 1955, miezi tisa kabla ya Parks, na viongozi hawakutaka kumjenga kuwa alama ya harakati. Lakini alipohitajika mtu wa kusimama kizimbani na kuulizwa maswali na mawakili wa mji, alisimama.

Alikuwepo pia mdai wa tano. Siku chache baada ya kesi kufunguliwa alijitoa, akasema hakuelewa alichokisaini, na Gray mwenyewe akashtakiwa kwa madai ya kumwakilisha mtu bila ridhaa yake, ingawa shtaka hilo baadaye lilianguka. Nilimfikiria mama huyo kwa muda mrefu. Simlaumu. Wiki hiyo hiyo nyumba ya King ilikuwa imelipuliwa kwa bomu mkewe na mtoto wao mchanga wakiwa ndani, na nyumba ya Nixon ikafuata siku mbili baadaye. Jina kwenye hati ya mahakama lilikuwa anwani iliyowekwa mikononi mwa walipuaji.

Je, wale wanne wengine walibakije?

Hapa dhana yangu ilianza kugeuka. Nilikuwa nikiuliza kama kesi ingeshinda bila mgomo, na kwa hoja za sheria peke yake nadhani ingeshinda, kwa kuwa mwaka 1954 Mahakama ya Juu ilikwisha kukataa utengano katika shule. Swali lililofaa kuulizwa kabla ya hilo ni kama kesi ingekuwa na wadai. Kesi si karatasi iliyojiandika. Inahitaji mtu mwenye jina na nyumba, atakayerudi nyumbani jioni akiwa na jina lake limechapishwa. Wanawake wale wanne walirudi katika mitaa ambayo watu wake wote walikuwa wakigoma, ambayo kanisa lake lilikutana mara mbili kwa wiki, na ambayo mtu akifukuzwa kazi kulikuwa na mfuko wa kumsaidia.

Tarehe 5 Juni 1956, majaji watatu walitoa hukumu, wawili dhidi ya mmoja: utengano katika mabasi ni batili. Kwa kuwa kesi ilihusu uhalali wa sheria ya jimbo mbele ya katiba, ilisikilizwa na jopo la watatu, na rufaa yake ikaruka ngazi ya kati na kwenda moja kwa moja Washington. Hata hivyo miezi mitano ikapita. Watu wakaendelea kutembea.

## Mahali pasipo na mahakama ya pili

Ili nisidanganywe na mfano mmoja, niliuweka kando ya Afrika Kusini ya miaka ileile.

Kule nako mahakama iliwahi kuwa mkono wa wanyonge. Machi 1952, Mahakama ya Rufaa ya Bloemfontein iliibatilisha kwa kauli moja sheria iliyowaondoa Machotara wa Rasi katika daftari la pamoja la wapiga kura, kwa sababu haikupitishwa kwa wingi wa kura uliotakiwa na katiba. Serikali haikuikubali hukumu hiyo. Mwaka 1955 iliongeza idadi ya majaji wa kusikiliza mashauri kama hayo hadi 11, ikapanua Seneti na kuijaza watu wake ili kupata wingi uliotakiwa, na mwanzoni mwa 1956 ikaipitisha sheria upya. Novemba mwaka huo mahakama hiyo iliyopanuliwa ikaikubali, jaji mmoja tu akipinga.

Mwaka huohuo ambao Washington iliwafungulia watu wa Montgomery, mlango wa Bloemfontein ulifungwa.

Mtu wa Alabama aliyeonewa na jimbo lake alikuwa na mahali pengine pa kupeleka shauri. Mtu wa Johannesburg hakuwa na ngazi ya juu ya Bunge lenyewe. Ndiyo maana kampeni ya kukaidi sheria za ubaguzi, iliyoanza tarehe 26 Juni 1952, haikwenda mahakamani kudai haki bali kujaza magereza: zaidi ya watu 8,000 walikamatwa kwa makusudi, wengi wakikataa kulipa faini. Serikali ilijibu mwaka 1953 kwa sheria zilizofanya kuvunja sheria kwa njia ya kupinga kuwa kosa la kifungo cha miaka na viboko. Tarehe 5 Desemba 1956, mwaka mmoja kamili tangu mabasi ya Montgomery yaanze kupita matupu, polisi waligonga milango alfajiri nchini kote na kuwakamata viongozi. Washtakiwa wa uhaini wakafikia 156.

Mwezi mmoja baadaye wakazi wa Alexandra, kitongoji cha Johannesburg, waligoma kupanda mabasi yaliyopandisha nauli kutoka peni nne hadi tano. Walitembea kwa miezi mitatu, kilometa zipatazo 15 kwenda na hizo hizo kurudi. Nauli ikabaki peni nne. Miguu yao haikuwa dhaifu kuliko ya Montgomery. Waliipata peni, lakini sheria za ubaguzi hazikuguswa, kwa sababu hapakuwa na mahakama ya kuzigusa.

Kanisa pia lilikuwa limekaa tofauti. Sehemu kubwa ya kanisa la Makaburu iliutetea utengano kwa Maandiko. Katika kanisa la Anglikana, ambalo waumini wake wengi walikuwa Waafrika lakini maaskofu wake Wazungu, wapo waliopinga kwa gharama: mwaka 1957 Askofu Mkuu Geoffrey Clayton aliiandikia serikali kwamba hawezi kutii wala kuwashauri watu wake watii kifungu cha sheria kilichoruhusu Waafrika kuzuiwa kuingia makanisani katika maeneo ya Wazungu, akafariki siku zilezile. Padri Trevor Huddleston wa Sophiatown, kitongoji cha Johannesburg, aliitwa kurudi Uingereza na shirika lake la kitawa. Tarehe 26 Juni 1959, yeye na Julius Nyerere walisimama jukwaa moja mjini London kuzindua mgomo wa kutonunua bidhaa za Afrika Kusini, na mwaka uliofuata akaja kwetu kuwa Askofu wa Masasi, ambako alimpa mama yangu kipaimara.

Njia waliyokuwa wakiitafuta jukwaani pale London, nadhani, ni ile ngazi iliyokosekana. Kama hakuna mahakama juu ya Bunge, basi itafutwe hukumu nje ya nchi, kwa wanunuzi, na chombo cha kuwafikia wanunuzi ni gazeti. Ilichukua zaidi ya miaka 30.

## Hukumu isiyo na watu

Bado nilihitaji kujua kinyume chake: inakuwaje mahakama ikishinda na watu hawapo?

Mfano upo, na ni wa mabasi vilevile. Irene Morgan alikamatwa Virginia mwaka 1944 kwa kukataa kumwachia Mzungu kiti katika basi liendalo jimbo jingine. Kesi yake ilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 1946 alishinda: utengano katika mabasi ya kuvuka majimbo ukakatazwa. Ulikuwa ushindi kamili, miaka tisa kabla ya Parks.

Kusini hakukubadilika kitu. Madereva waliendelea kuwaamuru Weusi wakae nyuma, polisi waliendelea kuwakamata waliokataa kwa makosa ya kuvuruga amani, na abiria aliyekuwa peke yake usiku katika kituo cha mashambani hakuwa na namna ya kumwonyesha sherifu nakala ya hukumu. Mwaka 1961 vijana Weusi na Weupe walipopanda mabasi pamoja kuijaribu sheria hiyo, basi moja lilichomwa moto karibu na Anniston, Alabama, na abiria wengine walipigwa Birmingham na Montgomery. Ni baada ya hapo, picha zikiwa zimezagaa duniani, serikali kuu ilipotoa kanuni zilizoanza kutumika tarehe 1 Novemba 1961. Hukumu ya Morgan ilikuwa na umri wa miaka 15.

Nilipolisoma hilo nikarudi kwenye tarehe 13 Novemba 1956, na safari hii nikaangalia yaliyofuata badala ya kufunga kitabu kwenye ushindi, kama nilivyofanya mbele ya vijana.

Kesho yake mikutano ya usiku ilipiga kura: mgomo usitishwe, lakini mtu asipande basi mpaka amri yenyewe ifike Montgomery. Haikufika upesi. Mji uliomba shauri lisikilizwe tena, na karatasi ilifika tarehe 20 Desemba. Kwa zaidi ya wiki tano, wakiwa wamekwisha kushinda na magari yao yakiwa yamepigwa marufuku, watu walipeana lifti mtaa kwa mtaa, na wengine wengi wakatembea.

Na jioni walikwenda kanisani kujifunza kupanda basi.

Walipanga viti mbele ya madhabahu kwa safu, kama ndani ya basi. Mmoja alikuwa dereva, wengine abiria Weusi, wengine waliigiza Wazungu, mwingine mpole, mwingine mtukanaji. Walifanya zoezi, wakasimama, wakajadili, wakabadilishana nafasi. Waligawiwa pia karatasi ya maelekezo: ukitukanwa usirudishe tusi, ukisukumwa usisukume, usikae kando ya Mzungu kwa kusudi kama kuna kiti kingine, na mwenzako akishambuliwa usiinuke kumpigania bali umwombee yule anayemshambulia.

Alfajiri ya tarehe 21 Desemba walipanda. Siku hizo za mwisho wa mwaka mabasi yalipigwa risasi, na mwanamke mjamzito akajeruhiwa miguuni. Januari 1957 makanisa manne yalilipuliwa kwa mabomu katika usiku mmoja. Watu waliendelea kupanda.

Jumapili iliyopita nilimtafuta yule binti baada ya ibada. Sikuwa na hotuba. Nilimwomba yeye na wenzake wanisaidie kupanga viti, safu kwa safu, mlango upande wa mbele, kisha nikawauliza nani atakuwa dereva. Hakuna aliyetaka. Mwishowe alikubali kaka yake, na yeye akaenda kukaa safu ya tatu. Kijana akamwambia ainuke, kwa sauti ya chini mwanzoni, kisha kwa sauti kubwa zaidi.

Alikaa kimya kidogo, mikono magotini.

"Mama," akasema bila kugeuka, "walifanya hivi mara ngapi kabla ya kupanda?"